Raba za kukimbilia zinakufa lini: namna ya kuhesabu kilomita na kukagua kiatu mwenyewe

Kwenye kila kundi la wakimbiaji hili swali halikosi, nibadili raba lini, na jibu linalotolewa ni lile lile, kilomita 500 hadi 800, basi, watu wanaendelea na stori nyingine. Hiyo namba si ya uongo, imetoka kwa wenzetu wanaohesabu kwa maili, wao wanasema maili 300 hadi 500, ukibadilisha unapata kama kilomita 480 hadi 800. Shida ni kwamba kati ya 480 na 800 kuna pengo la kilomita 320, na kwa mtu anayekimbia kilomita 20 kwa wiki hiyo ni miezi minne mizima. Sasa wewe uko wapi kwenye hilo pengo? Hapo ndo kazi ilipo, na huwezi kujua bila kukishika kiatu chenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kiatu. Raba ya kukimbilia ina tabaka mbili chini ya mguu wako ambazo hazizeeki pamoja. Ya chini kabisa ni mpira, ule mweusi au wa rangi wenye meno, unaogusa lami. Juu yake ndo kuna sponji, ile sehemu nene nyeupe unayoiona ubavuni, na hiyo ndo kiatu chenyewe hasa, ndo umelipia hela yote ile. Viatu vingi sponji yake inaitwa EVA, ni plastiki iliyojazwa vitundu vidogo vidogo vya hewa, ukikanyaga vinabonyea, ukiinua mguu vinarudi. Ukikimbia mguu unatua na uzito kama mara mbili hadi tatu ya kilo zako, na kilomita moja ni karibu hatua elfu, yaani kila mguu unatua mara 500 hivi. Piga mara kilomita 700, kila kiatu kimebonyezwa mara laki tatu na nusu. Vile vitundu vinachoka, kuta zake zinapasuka au zinabaki zimelala, sponji inakuwa nyembamba na ngumu.

Na hii ndo inawachanganya watu wengi sana: sponji inakufa kimyakimya wakati mpira wa chini bado unaonekana mzima. Unageuza kiatu unaona meno yapo, unasema aa bado kipo vizuri, kumbe kwa juu huko kimeshakwisha. Tena inapoteza nguvu zaidi mwanzoni, kwenye kilomita 100 au 200 za kwanza, halafu inaendelea kushuka polepole, kwa hiyo hakuna siku moja utakayoamka useme leo kimekufa. Unazoea kidogo kidogo na mwili nao unajirekebisha bila kukuambia, ndo maana hisia peke yake haitoshi, inabidi uwe na namba na uwe na macho.

HATUA YA KWANZA: ANZA KUHESABU

Siku unayovaa kiatu mara ya kwanza kukimbia, andika tarehe. Kuna watu wanaandika kwa peni ya maki upande wa ndani wa ulimi wa kiatu, ni njia nzuri kwa sababu haipotei kama simu ikiibiwa. Kama unatumia Strava, kwenye profaili yako kuna sehemu imeandikwa Gear, unaingiza kiatu hapo na kila ukikimbia inajumlisha yenyewe, Garmin Connect nayo ina kitu hicho hicho. Ukiwa na pea mbili kumbuka kuchagua umevaa ipi siku hiyo, maana apu haina macho, ukisahau inajumlisha zote kwenye ile moja na baada ya miezi miwili hesabu yako haina maana.

Huna saa wala apu, hamna shida. Chukua kilomita zako za wiki ya kawaida, zidisha kwa wiki ulizokimbia tangu ile tarehe. Mtu wa kilomita 25 kwa wiki anafika 500 baada ya wiki 20, miezi mitano hivi, na anafika 800 kwenye wiki ya 32. Makadirio haya yanatosha kabisa, hatutafuti namba kamili, tunatafuta kujua kama uko kwenye 200 au uko kwenye 600.

Sasa kuna kilomita ambazo watu hawazihesabu kabisa, nazo ni za kutembea. Raba hiyo hiyo unakimbilia asubuhi, unaendea kazini, unasimamia kwenye daladala saa nzima, Jumapili unaendea harusini kama ni nyeusi. Kutembea kunabonyeza sponji kwa nguvu ndogo kuliko kukimbia, kwa hiyo siwezi kusema kilomita kwa kilomita, mimi huwa nahesabu nusu, kilomita mbili za kutembea ni moja ya kukimbia. Hiyo ni kanuni yangu tu ya kukadiria, sio ya maabara, lakini ni bora kuliko kuziweka sifuri.

Halafu unaisogeza ile namba kulingana na wewe. Mtu wa kilo 58 na mtu wa kilo 90 hawawezi kula kiatu sawa, mzito anabonyeza sponji zaidi kila hatua, huyo ajiangalie kuanzia 450, mwepesi anaweza kufika 800 bila wasiwasi. Kiatu chenyewe pia: zile raba nene za mazoezi ya kila siku ndo zinadumu, zile nyepesi za mashindano, hasa zenye bamba la kaboni ndani, sponji yake ni laini na ina mruko mkubwa ila inachoka mapema, wengi wanazitunza kwa siku ya mbio na mazoezi machache tu ya spidi, na wakifika kilomita 300 hivi wanaanza kuziangalia kwa jicho baya. Njia nayo ina mchango wake. Lami inakula mpira wa chini, changarawe inachana mpira na kitambaa, barabara ya vumbi laini inakula kidogo tu, na tredmili ya jimu haili mpira karibu kabisa, lakini sponji inabonyezwa vile vile.

HATUA YA PILI: KAGUA KIATU MEZANI

Hii fanya kila baada ya kilomita 100, na ukishapita 400 fanya kila baada ya wiki mbili. Kiatu kiwe kikavu na kisiwe kimetoka kukimbia muda huo, kiache kipumzike hata siku moja maana sponji ya moto inadanganya, inabonyea laini kuliko kawaida.

Weka vyote viwili juu ya meza iliyonyooka, visigino vikikuangalia, halafu inama mpaka macho yako yawe usawa wa meza. Angalia mstari wa nyuma wa kiatu, pale katikati ya kisigino kuanzia juu kushuka. Unatakiwa usimame wima. Kama kiatu kimelalia ndani au nje, sponji ya upande huo imeshabonyea isirudi, na kiatu kilicholala ni cha kuacha kukimbilia hata kama kina kilomita 300 tu, kwa sababu sasa kila ukitua kinausukuma mguu upande huo.

Ukimaliza kigeuze uangalie chini. Kisigino kwa nje kuisha kwanza ni kawaida, wakimbiaji wengi wanatua hapo, usiogope. Unachotafuta ni sehemu ambapo mpira umeisha mpaka unaiona sponji. Hapo hamna mjadala, sponji ikigusa lami moja kwa moja inaisha kama sabuni kwenye maji, wiki mbili tatu tu umeshapata mteremko. Linganisha pia kushoto na kulia. Kikiwa kimoja kimeisha zaidi sana kuliko kingine, kabla hujakilaumu kiatu jiulize kama unakimbia upande mmoja wa barabara siku zote. Lami yetu imeinuliwa katikati ili maji yashuke pembeni, kwa hiyo ukikimbia pembeni ya barabara kila siku, upande ule ule, mguu mmoja unatua chini kuliko mwingine, na utaiona hiyo tofauti kwenye soli.

Baada ya hapo ubavuni, kwenye ile sponji nyeupe. Kiatu kipya kina ubavu laini au kina michoro ya kiwandani. Kilichochoka kinaanza kuwa na mikunjo midogo midogo ya kulala, kama imekandamizwa, mingi ikiwa chini ya kisigino na chini ya dole gumba. Mikunjo miwili mitatu sio kesi. Lakini ubonyeze na dole gumba: toa soli ya ndani, ile inayochomoka, ingiza mkono, bonyeza kwa nguvu pale kisigino kinapokaa, halafu bonyeza pale katikati ya kiatu chini ya upinde wa mguu ambapo hapakanyagwi sana. Kama katikati kunabonyea na kisigino hakibonyei, umepata jibu lako, pale pamekuwa pagumu kwa sababu vile vitundu vya hewa vimelala. Hii nzuri kwa sababu kiatu kinajilinganisha chenyewe, hauhitaji kuwa na kipya pembeni.

Hiyo soli ya ndani nayo iangalie lakini usihangaike nayo, ikiisha unanunua nyingine unaweka. Ila elewa kwamba kuweka soli mpya ya ndani ndani ya kiatu chenye sponji iliyokufa kunaleta ulaini wa siku tatu tu, haurudishi kitu, na watu wengi wanajidanganya hapo.

Kitambaa cha juu nitakipita haraka. Tundu la dole gumba mbele mara nyingi ni kucha ndefu au saizi ndogo, sio kilomita. Kinachofaa kuangaliwa ni ndani nyuma ya kisigino, kitambaa kikichanika pale ile plastiki ngumu inatoka inakukata, utapata malengelenge na hamna soksi itakayosaidia. Na ushike kile kikombe cha nyuma kwa vidole viwili ukibonyeze, kikiwa kinalegea kama karatasi basi kisigino chako kinacheza humo ndani.

HATUA YA TATU: MWILI UNASEMAJE

Dalili zinazotajwa sana ni ugoko kuuma kwa mbele, magoti kuwa mazito, nyayo kuuma karibu na kisigino ukiamka asubuhi. Lakini hapa naomba tusikurupuke. Haya maumivu yanaletwa na vitu vingi, na kikubwa kuliko vyote ni kuongeza kilomita haraka, umetoka wiki ya 20 umeenda ya 35 kwa sababu mbio zimekaribia, halafu kiatu ndo kinapewa kesi. Hata wanaotafiti haya mambo hawajakubaliana kwamba kiatu kilichochoka peke yake kinaleta jeraha. Kwa hiyo maumivu yachukulie kama sababu ya kwenda kukagua kiatu, sio kama ushahidi.

Dalili ya kiatu ina sura yake. Inakuja taratibu kwenye mbio zile zile ulizozoea, hujaongeza kilomita, hujabadili njia, spidi ile ile, lakini kuanzia wiki mbili hivi ukimaliza miguu yote miwili inakuwa imepigwa, unasikia kabisa lami. Maumivu ya mguu mmoja, sehemu moja ndogo unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi ukiwa unakimbia, hayo sio ya kiatu mpaka daktari aseme, pumzika ukaangaliwe.

Kuna jaribio rahisi la kukata mzizi wa fitina. Azima au vaa pea nyingine yenye kilomita chache, saizi yako, kimbia njia ile ile kilomita tano kwa mwendo ule ule, baada ya kupumzika siku mbili. Siku nyingine ambayo pia umepumzika siku mbili, rudia kwa kile cha zamani. Usifanye mfululizo, maana ya pili utakuwa umechoka na kiatu kitaonewa. Kama hakuna tofauti yoyote, hela yako iache mfukoni, tatizo liko kwingine. Na ukienda dukani kununua, nenda na kiatu chako cha zamani, vaa kimoja cha zamani na kimoja kipya cha aina ile ile, simama kwa mguu mmoja halafu mwingine, rukaruka kidogo. Usishangae muuzaji akikuangalia vibaya, utasikia tofauti papo hapo, na wakati mwingine utasikia hakuna tofauti utageuza urudi nyumbani na cha zamani.

MFANO MMOJA TUUMALIZE

Kuna jamaa tunakimbia naye Dar, kilo 84, alikuwa anajiandaa na kilomita 21 za Kili Marathon pale Moshi, ambayo huwa inakuwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Alinunua raba mpya mwanzo wa Oktoba. Ratiba yake ni siku nne, mbili za kilomita 6, moja ya 7 na Jumamosi asubuhi anaenda mbio ndefu kupitia Daraja la Tanzanite mpaka Coco Beach na kuzunguka, inakuwa kama 13. Jumla 32 kwa wiki. Kuanzia Oktoba mpaka siku ya mbio ni wiki 21, kwa hiyo 32 mara 21 ni 672. Yeye akasema freshi, niko chini ya 800, pea moja inanitosha.

Wiki ya 15, katikati ya Januari, akaanza kulalamika magoko yote mawili. Kwenye kilomita alikuwa na 32 mara 15, yaani 480. Bado kidogo, si ndio? Ila alikuwa anaendea nazo kazini, kutoka nyumbani mpaka kituoni na kituoni mpaka ofisini, kwenda na kurudi ni kama kilomita 3 kwa siku, siku tano, 15 kwa wiki. Ukihesabu nusu ni 7.5, mara wiki 15 unapata kama 112. Kiatu kilikuwa na 592, sio 480. Na mtu wa kilo 84 hatakiwi kusubiri 800.

Tukaviweka juu ya meza. Cha kulia kimesimama. Cha kushoto kimelala kwa nje, sio sana lakini unaona, na chini kwenye kona ya nje ya kisigino mpira umeisha, kuna doa jeupe la sponji ukubwa kama sarafu ya mia mbili. Dole gumba ndani, katikati panabonyea, kisigino kigumu. Alipofanya lile jaribio na pea ya kuazima magoko yakatulia, aliporudia na zake yakarudi. Kesi imekwisha.

Sasa kubadili lini ndo swali la pili, kwa sababu kama angeendelea nazo mpaka wiki ya mwisho kisha anunue mpya za kuvaa siku ya mbio, angeharibu kabisa. Kiatu kipya kinataka kuzoeana na mguu, kuna mshono unaweza kukukata kwenye kilomita ya 12 ambayo dukani haupo. Alinunua wiki hiyo hiyo ya 15. Wiki ya kwanza alivaa mpya kwenye zile fupi za 6 tu, wiki iliyofuata akaivaa mpaka kwenye mbio ndefu, akabakiwa na wiki nne za kuingia Moshi, na za zamani zikawa za kuendea kazini tu. Siku ya mbio mpya zilikuwa na kama kilomita 180, ziko tamu, zimeshamzoea na bado zina maisha. Kama angepanga tangu mwanzo angenunua pea ya pili kwenye wiki ya 10 au 11, azizungushe mbili mbili, hapo hata ugoko usingeuma pengine. Watafiti wa Luxembourg waliwahi kuwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, waliokuwa wanazungusha pea zaidi ya moja waliumia kidogo kuliko wa pea moja. Haina maana kwamba pea mbili ni dawa, labda hao watu ni waangalifu kwenye mambo mengine pia, ila kwa upande wa kukausha jasho na kupumzisha sponji ni faida ya wazi.

KIATU CHA MTUMBA, AMBACHO HAUJUI KIMEKIMBIA NGAPI

Wengi wetu raba tunazipata Karume, Memorial pale Moshi, Gikomba kwa wale wa Nairobi, na mwongozo wowote unaokuambia hesabu kilomita tangu siku ya kwanza unakuwa haukuhusu, kiatu kimekuja na kilomita zake. Jiulize tu kwa nini mwenyewe kule aliko alikiacha. Wengine walikiacha kwa sababu saizi haikumkaa, au alikuwa anakivaa jimu kunyanyua vyuma, hivyo ni dhahabu. Wengine ni wakimbiaji waliofikisha kilomita zao wakakitoa, na hicho ndo kinakusubiri kwenye meza kikiwa kimeoshwa kinang'aa.

Kwenye mtumba usianze na mpira wa chini, kwa sababu kama nilivyosema mtu wa tredmili anaua sponji bila kugusa meno. Anza na mezani, kama hakuna meza weka kwenye kiti, angalia kama kimesimama. Kisha toa soli ya ndani, kama ni mpya kabisa kwenye kiatu kilichotumika, ujue imewekwa kukulainisha wewe. Bonyeza kwa dole gumba. Angalia ubavu kwa karibu, kuna wauzaji wanapaka rangi nyeupe ile ya viatu kuficha mikunjo, kwaruza kidogo na ukucha uone kama inatoka. Halafu angalia pale mpira unapokutana na sponji, ukiona gundi mbichi ya manjano imetoka pembeni, fundi alishapita hapo.

Kitu kingine ni umri. Kwenye lebo ndogo ndani ya ulimi viatu vingi vimeandikwa tarehe ya kutengenezwa. Kiatu kikikaa miaka mingi hata bila kuvaliwa sponji inakakamaa na gundi inachoka, unakinunua kikiwa kama kipya, unakimbia nacho wiki moja soli inabanduka yote. Cha miaka miwili mitatu kinafaa, cha miaka nane mimi sigusi hata kikiwa hakijakanyagwa.

Bei nayo ipigie kwa kilomita zilizobaki, sio kwa kiatu. Tuseme mpya ni 300,000 na itakupa kilomita 700, hiyo ni kama shilingi 430 kwa kilomita. Mtumba wa 60,000 wenye kilomita 300 zilizobaki ni shilingi 200, umepiga bao. Lakini mtumba huo huo wa 60,000 ukiwa na kilomita 100 tu zilizobaki ni shilingi 600 kwa kilomita, umenunua kiatu ghali kuliko cha dukani na bado unadhani umeokoa. Kwa hiyo mtumba ambao umeshalala au kisigino hakibonyei hata akikuuzia 20,000 mwachie. Ukishanunua kizuri, anza hesabu yako kwenye 300, sio sifuri, na kikague kila baada ya kilomita 50.

KINACHOUA KIATU KABLA YA KILOMITA ZAKE

Jua na bati. Mtu anafua raba kwa maji ya moto na sabuni ya unga halafu anaziweka juu ya bati saa saba mchana, lile bati linachoma mkono. Joto linalainisha sponji na linalegeza gundi, na ikifanyika kila wiki kiatu kinabanduka kikiwa na kilomita 250. Fua kwa maji ya baridi, mswaki wa zamani, sabuni kidogo, toa kamba na soli ya ndani vikauke peke yake, jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo, badilisha gazeti likilowa. Buti ya gari nayo ni hivyo hivyo, usiifanye kabati la raba.

Kuhusu fundi viatu, mpira wa mbele ukianza kuachia mpelekee agandishe mapema kabla mchanga haujaingia, hiyo kazi anaiweza na inakupa miezi. Lakini kile cha kupigwa uzi kuzunguka soli yote, au kuwekewa soli mpya ya tairi, hicho kimeshatoka kwenye kukimbia. Uzi unaibana sponji isicheze, tairi ni zito na gumu, na hakuna fundi anayeweza kurudisha hewa kwenye sponji iliyokufa. Kitadumu sana kwa kutembea na shambani, bei nafuu, hamna neno, ila kwenye kundi la asubuhi usije nacho.

Kiatu ulichokistaafisha kitoe kabisa kwenye ile sehemu unayoweka vya kukimbilia. Strava unaweza kukiweka kama kimestaafu kisijumlishwe tena, nyumbani kata kamba zake au mpe mtu wa kuvalia kawaida, kwa sababu siku ya mvua, kile kipya hutaki kukichafua, utakirudia hicho hicho, na mpira wake wa chini ulioisha ndo unateleza vibaya zaidi kwenye lami iliyolowa.